Dola 150 zinanunua nini? Mesaji ya kwanza kwa mtengeneza video

Swali: Jambo kaka. Ninatengeneza sosi ya pilipili hapa Lubumbashi, chupa za mililita 250, ninauzisha kwenye komini za Kenya na Kamalondo. Nataka kumwandikia dada mmoja anayepika kwenye Instagram, ana abone 18,000. Nina dola 150 kwa jumla. Komisionere mmoja ananiambia nisitaje feza kwenye mesaji ya kwanza, nimsifu tu, bei tutaongea baadaye, na ananiuzia modeli ya mesaji kwa dola 20. Nikishamlipa yule dada, nitaichukua video niipitishe pia kwa publisite ya peji yangu. Niandike namna gani?

Jibu: Mama, hizo dola 20 zibaki kwako. Modeli anayokuuzia imeshatumwa kwa watu wengi, na dada anayepokea mesaji za namna hiyo kila wiki anaitambua kwenye mstari wa kwanza. Sifa hazimwambii kama una feza, wala kazi itakuwa ya siku ngapi. Anachofanya ni kunyamaza, au kutaja bei kubwa ya kujilinda kwa sababu hajui utamwomba nini kesho.

Lakini niruhusu nianzie kwenye sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo ninayoisoma kila mara na ndiyo inayoleta ugomvi. Kumlipa mtu aweke video kwenye konte yake hakukupi video ile. Haki ya kazi iko kwa aliyeitunga, na sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986, namba 86-033, inamlinda mtunzi. Ulichonunua ni kile tu mlichokubaliana. Kama mesaji ilisema "video moja kwa dola 100" na hakuna zaidi, umenunua video moja ionekane kwenye konte yake, basi. Ukiikata, ukiibandika kwenye peji yako na kuilipia izunguke miezi 6 na sura yake, ana haki ya kukudai. Watengeneza video wengi hapa wanalijua hilo sasa, kuliko marke zinavyodhani.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, gawa feza yako kwa kila kitu unachotaka kununua. Kwako ningegawa hivi: dola 80 za kutengeneza video na kuiweka kwenye konte yake, dola 30 za ruhusa ya kuipitisha kwa publisite kwa siku 30, dola 10 za usafiri wa chupa na gharama za kutoa feza kwenye simu, na dola 30 za kuilipa Meta yenyewe, kampuni yenye Instagram, ili publisite izunguke. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau kabisa. Wanamaliza feza yote kwa mtengeneza video, wanabaki na ruhusa ya publisite bila hata dola ya kuiendesha. Dola 30 zako usizitandaze siku 30, kwa dola 1 kwa siku hutaona kitu. Acha video itembee yenyewe juma moja, uone kama watu wanaiangalia hadi mwisho. Ikienda vizuri, weka dola 3 kwa siku kwa siku 10, Lubumbashi peke yake. Ndiyo maana unaomba ruhusa ya siku 30 hata kama publisite itaenda siku 10.

Mesaji yenyewe iwe kama hivi:

"Jambo dada. Ninatengeneza sosi ya pilipili hapa Lubumbashi. Niliona video yako ya sombe, na watu kwenye komenti wanauliza pilipili gani uliweka. Ninapendekeza kazi ya kulipwa: Reel moja ya sekunde 40 hadi 60, upike chakula unachotaka mwenyewe, sosi ionekane ikimiminwa na ikionjwa. Nitakuletea chupa 3, hizo hazihesabiwi kwenye malipo.

Malipo ni dola 110. Dola 80 ni za video, ibaki kwenye konte yako siku 90 au zaidi. Dola 30 ni za kuniruhusu kuipitisha kwa publisite ya Meta siku 30 tangu itoke, jinsi ilivyo, bila kuikata. Utapata dola 55 ukikubali, na dola 55 ndani ya saa 48 baada ya video kutoka. Gharama ya kutoa feza ni juu yangu.

Video itoke ndani ya siku 10 tangu upokee chupa. Utanionyesha kabla ya kuiweka, nitajibu ndani ya saa 24, na nitaomba marekebisho mara moja tu. Utaweka alama ya 'Partenariat rémunéré' na muziki unaoruhusiwa kwa biashara. Kama hutaki publisite, tunaitoa na malipo yanakuwa dola 80. Ukipenda, nitumie kapture ya miji ya abone wako na unijibu kabla ya Ijumaa."

Mstari wa sombe utauandika kufuatana na video uliyoiona kweli. Kama hujaangalia hata video tatu zake, usimwandikie bado.

Sasa nieleze kwa nini baadhi ya mistari hiyo iko pale. Muziki ndio unaoharibu kazi nyingi. Reel yenye wimbo wa msanii anayejulikana inaweza kutembea vizuri kwenye konte ya dada, lakini siku unayotaka kuilipia Instagram inakataa, kwa sababu wimbo ule haukuruhusiwa kwa matumizi ya biashara. Wakati huo umeshalipa ruhusa ya siku 30 ambayo haitumiki, na dada hatafuta video yenye komenti 200 ili aiweke upya. Ni lazima lisemwe kabla hajaanza kupiga video. Meta ina mkusanyiko wake wa sauti za bure, unaitwa Sound Collection, au atumie sauti yake mwenyewe na mlio wa sufuria. Kwa chakula, mlio wa mafuta unatosha mara nyingi.

Alama ya "Partenariat rémunéré" inatakiwa na Meta kwa kila kazi iliyolipwa, kwa hiyo usimwombe aifiche ili video "ionekane ya kweli". Ana faida nayo, na wewe pia: anapoiweka anakutaja wewe kama mshirika, na palepale anaweza kukuruhusu kuilipia video. Publisite inaenda kwa jina lake na lako pamoja, bila wewe kupakua video wala yeye kukupa neno la siri. Akisema haoni alama hiyo kwenye simu yake, mara nyingi konte yake bado ni ya kawaida. Inabidi aigeuze iwe ya kiprofesheni, ni bure na ni dakika chache.

Siku 10 zinaonekana nyingi kwa video ya dakika moja. Lakini anapika, anapiga, anakata, na katikati umeme unakatika. Ukimpa siku 3 atakubali kwa sababu ya avansi, halafu atachelewa, na ugomvi utaanza juu ya tarehe ambayo haikuwezekana tangu mwanzo. Marekebisho mara moja nayo yana maana yake: unasahihisha kosa, kama jina la sosi au bei iliyotajwa vibaya. Kumwambia apike upya kwa sababu hukupenda kitambaa cha meza ni kazi nyingine, ina malipo yake. Na usimpe maneno ya kusema kwamba pilipili yako inaponesha presha au inapunguza tumbo. Hayo yakitoka kinywani mwake yanakurudia wewe mwenye chupa.

Utaona sikuandika kwamba asitangaze pilipili nyingine. Kumfungia mtu mlango wa marke zingine kunalipiwa, na kwa dola 150 huna nafasi hiyo. Siku utakapoweza, taja kitu chembamba, kwa mfano "sosi ya pilipili ya chupa, siku 30". Ukiandika "vyakula", umemwomba mpishi afunge kazi mwezi mzima.

Akijibu kwamba dola 110 ni kidogo, usianze kuvutana juu ya bei. Punguza kazi. Toa publisite, au video ibaki kwenye konte yake siku 30 badala ya 90, au awe na Story mbili badala ya Reel. Akiona unapunguza kazi pamoja na feza, ataelewa kwamba unajua kila dola inanunua nini. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku 4, kisha nenda kwa mwingine.

Ile kapture ya miji usiiache. Abone 18,000 hawakusaidii kama wengi wako nchi ambako chupa yako haifiki. Kwenye takwimu za Instagram kuna sehemu ya miji. Unataka kuona Lubumbashi juu, na Likasi au Kolwezi karibu. Abone walionunuliwa wanajionyesha: miji ya mbali isiyo na uhusiano na sisi, video zinazoangaliwa na watu 400 kwenye konte ya watu 18,000, komenti za moyo na moto bila swali hata moja. Mtu anayepika kweli huulizwa maswali: umeweka chumvi ngapi, sombe uliitwanga wapi. Kama kapture inakutia shaka, mwombe arekodi ekrani akiifungua ile sehemu, kwa sababu picha inaweza kuchezewa.

Nimeona makomisionere wakiahidi marke ndogo "maono 50,000 yaliyohakikishwa". Hakuna mtu anayeweza kuyahakikisha, maana anayeamua nani aone video ni Instagram. Anayeahidi namba atainunua, kwa dola chache, kutoka kwa konte ambazo hazina mtu nyuma yake, na wewe utalipa mara kumi. Kwa hiyo usifunge nusu ya pili ya malipo kwenye maono. Ifunge kwenye kitu ambacho dada anakimudu: video imetoka, tarehe imeheshimiwa, alama iko, muziki unaruhusiwa.

Mkikubaliana, WhatsApp inatosha kwa kazi ya kiasi hiki, mradi masharti yote yako kwenye mesaji moja na amejibu "nakubali" chini yake, kwa maandishi. Sauti za dakika 4 zilizotawanyika siku tatu hazitafutiki siku ya ugomvi. Taja dola au franka, moja tu, na kama ni franka andika ni kwa kiwango cha siku gani. Komisionere akiomba avansi ipitie kwake, au akitaka neno la siri la peji yako "ili apange publisite", kataa vyote viwili. Avansi inaenda kwenye namba ambayo dada mwenyewe amekuandikia kutoka kwenye konte yake ya Instagram, na kabla ya kutuma muulize imeandikishwa kwa jina la nani.