Vidonge vya jimu na HDL: kolesteroli ya jumla haitoshi

Mchana niko maabara, jioni niko jimu nabeba vyuma. Kwa hiyo vijana wenzangu huniletea majibu yao ya damu tuyaangalie pamoja kabla hawajaonana na daktari. Wanaotumia steroidi, yaani vidonge au sindano za kujaza misuli, huja wametulia, wananiambia, "Kaka, kolesteroli iko sawa." Ukiangalia karatasi, unakuta wamepimwa kolesteroli ya jumla peke yake. Kwa mtu anayetumia dawa hizi, hiyo ndiyo namba inayoficha mengi.

Kijana mmoja wa miaka 29 ameniridhia nitumie majibu yake. Kabla hajaanza vidonge alikuwa na kolesteroli ya jumla 4.6, HDL, ile kolesteroli nzuri, 1.2 na LDL, ile mbaya, 2.9, zote kwa mmol/L. Alipopima tena akiwa katika wiki ya sita ya vidonge, kolesteroli ya jumla ilikuwa 4.9. Mashine haikuiwekea alama yoyote, kwa sababu iko chini ya 5.2. Lakini mstari wa pili ulisoma HDL 0.4, na wa chini yake LDL 4.0. HDL imepoteza theluthi mbili, LDL imepanda zaidi ya theluthi, na ukizijumlisha, moja inafunika pengo la nyingine. Gawanya kolesteroli ya jumla kwa HDL utaona ukweli: mwanzo ilikuwa karibu 4, sasa imepita 12. Angepima ya jumla tu, angeondoka maabara akifurahi.

Kinachofanyika kiko kwenye ini. Vidonge kama Dianabol, Winstrol na Anavar vimetengenezwa kwa namna ambayo ini haliwezi kuviharibu haraka vinapopita. Ndiyo maana vinafanya kazi ukivimeza, na ndiyo maana ini linavipata kwa nguvu kuliko kiungo kingine. Ini likichochewa hivyo huongeza kimeng'enya kiitwacho lipasi ya ini, ambacho huzimaliza chembe za HDL kwenye damu. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la wanyanyua vyuma wanaume 11, ambao kila mmoja alitumia dawa mbili kwa nyakati tofauti, wiki sita kila moja. Kwa stanozololi ya kumeza, ambayo ndiyo Winstrol, miligramu 6 tu kwa siku, HDL ilishuka kwa asilimia 33 na LDL ikapanda kwa asilimia 29. Kwa testosteroni ya sindano, miligramu 200 kwa wiki, HDL ilishuka kwa asilimia 9 tu. Angalia hicho kipimo cha miligramu 6. Jimu nasikia watu wakimeza 30 hadi 50 bila kusita.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Sehemu ya testosteroni mwilini hugeuka kuwa estrojeni, na estrojeni hiyo husaidia kuishikilia HDL. Mtu anayechoma testosteroni halafu anameza anastrozoli, dawa inayozuia testosteroni isigeuke estrojeni, ili kifua kisivimbe, anaiondoa kinga hiyo, na HDL yake inaweza kushuka kuliko ya mwenzake anayechoma sindano ileile bila anastrozoli. Nikiona mtu anadai anatumia sindano peke yake na HDL iko 0.4, swali langu la kwanza ni kama anameza anastrozoli. La pili ni kama ana uhakika na kilichomo kwenye kichupa, maana mzigo wa mtaani mara nyingi haufanani na lebo yake.

Wengine hunitajia utafiti mkubwa wa mwaka 2023 uliowahusu wanaume zaidi ya 5,200, wakisema umethibitisha kuwa testosteroni haina shida kwa moyo. Wanaume wale walikuwa na miaka 45 hadi 80, testosteroni yao ilikuwa chini, na walipewa jeli kwa dozi ya kuirudisha kwenye kawaida, huku wakifuatiliwa na madaktari. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikuongezeka, ila mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda kwenye mapafu vilionekana zaidi. Mtu wa jimu anayetumia dozi mara kadhaa ya hiyo, tena akichanganya na vidonge, hawezi kujificha nyuma ya majibu yale.

Msimamo wangu ni kwamba vidonge hivi usiviguse. Lakini kama tayari unatumia, au umeamua kutumia, nenda maabara useme unataka kipimo kamili cha mafuta ya damu, chenye HDL, LDL na trigliseridi. Pima kabla ya kuanza, pima tena karibu na wiki ya sita, kisha miezi miwili hadi mitatu baada ya kuacha. Bila kile cha kwanza huwezi kujua umeshuka kutoka wapi. Kwa mwanaume HDL chini ya 1.0 ni ndogo. Ikifika chini ya 0.5 wakati unatumia vidonge, acha vidonge na uende kwa daktari na karatasi zako zote mbili. Usinunue mafuta ya samaki ukidhani yatairudisha huku ukiendelea kumeza. Niasini, aina ya vitamini B, nayo huipandisha HDL kwenye karatasi, lakini majaribio makubwa ya wagonjwa waliokuwa tayari wanatumia statini, dawa za kushusha kolesteroli, hayakuonyesha kwamba inawapunguzia mshtuko wa moyo. Kinachotakiwa ni kuondoa kisababishi, na kumwachia daktari suala la LDL.

Siku hiyohiyo ya kutoa damu omba na picha kamili ya damu, uangalie hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Testosteroni huongeza chembe nyekundu, na ikizidi asilimia 54 damu imekuwa nzito kiasi cha kuhitaji daktari mara moja. Shinikizo la damu pima nyumbani, umekaa, umetulia dakika tano. Likirudia kusoma 140/90 au zaidi, hilo nalo lipeleke hospitali. Vipimo vya ini vina mtego wake: vimeng'enya vya ALT na AST hupanda hata kwa mazoezi mazito ya miguu, kwa hiyo pumzika siku chache kabla ya kupima na uombe kimeng'enya kingine, GGT, kiongezwe, kwa kuwa chenyewe hakitoki kwenye misuli.

Yule kijana aliacha akiwa chini ya uangalizi wa daktari, kwa sababu uzalishaji wake mwenyewe wa testosteroni ulikuwa umezimwa na alihitaji kufuatiliwa hadi urudi. Baada ya wiki kumi HDL yake ilisoma 1.1. Kwa kawaida mafuta hurudi hivyo, ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache. Lakini kilichojijenga kwenye mishipa ya moyo kwa miaka hakionekani kwenye karatasi ya mafuta. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 uliwalinganisha wanyanyua vyuma 86 waliowahi kutumia steroidi na 54 wasiotumia, ukakuta mioyo ya watumiaji inasukuma damu kwa nguvu ndogo, na kadiri mtu alivyotumia nyingi maishani ndivyo utando wa mafuta ulivyokuwa mwingi kwenye mishipa ya moyo. Kwa hiyo kama umetumia kwa miaka, hata kama HDL imerudi, mwambie daktari historia yote, dozi na majina, umwombe EKG, kipimo cha umeme wa moyo, na eko, kipimo cha picha ya moyo. Na ukibanwa kifua, ukaishiwa pumzi kwa ngazi ulizozizoea au moyo ukikimbia wenyewe, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri majibu ya mafuta.