Ripoti ya ukaguzi ya mtoa huduma wa klaudi: anza kuisoma kwa nyuma

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye vitengo vya tehama na vihatarishi katika SACCOS zetu za huku Mtwara, Masasi na Newala, ipo siku mtaletewa barua pepe na kampuni inayouza mfumo wa akiba na mikopo ulioko kwenye klaudi. Itakuwa imeambatanishwa na cheti cha ukurasa mmoja cha ISO 27001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa usalama wa taarifa, na ripoti ya SOC 2 yenye kurasa mia na ushee, ambamo mkaguzi huru anaeleza alivyoupima udhibiti wa kampuni hiyo. Meneja atauliza swali moja tu: "Hawa wana vyeti?" Ukijibu "wanavyo" ukaishia hapo, hujamsaidia. SACCOS inasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na taarifa za wanachama zikivuja, watakaohojiwa kwanza ni nyinyi.

Cheti kisikuchukulie muda. Hutolewa kwa miaka mitatu, na kila mwaka kuna ukaguzi wa ufuatiliaji. Tafuta sentensi inayotaja mawanda, yaani ni ofisi zipi na shughuli zipi zilizokaguliwa. Niliwahi kushika cheti halali kabisa kilichotaja utengenezaji wa programu katika ofisi moja tu. Watu wa dawati la msaada, wale wanaoingia kwenye hifadhidata mwanachama akilalamika kuwa salio lake halisomeki, walikuwa mji mwingine ambao cheti hakikuutaja. Kwa hiyo walioweza kuona akiba za wakulima wetu hawakuwa ndani ya cheti. Omba pia hati inayoitwa Statement of Applicability. Humo utaona udhibiti upi kati ya 93 wa toleo la 2022 wameuchukua, upi wameuacha na kwa sababu gani. Wakikataa kuitoa hata baada ya kusaini mkataba wa usiri, liandike hilo kwenye tathmini yako.

Kazi kubwa iko kwenye SOC 2. Kwanza hakikisha ni Type 2. Type 1 inakwambia kwamba siku fulani udhibiti ulikuwepo na umepangwa vizuri. Type 2 inakwambia kama ulifanya kazi katika kipindi kizima, mara nyingi miezi sita hadi kumi na mbili. Kisha tazama walikaguliwa kwa vigezo vipi. Kigezo cha usalama ni lazima, lakini upatikanaji wa huduma, usahihi wa uchakataji, usiri na faragha ni hiari ya kampuni. Ripoti ya usalama peke yake haikuhakikishii kwamba mfumo utakuwa hewani siku malipo ya korosho yanaingia. (Hata kigezo cha upatikanaji kikiwemo, kinahusu upande wao. Mei 2024 nyaya za baharini zilipopata hitilafu, intaneti ilisumbua nchi nzima, na hilo hakuna mkaguzi wa mtoa huduma atakayekulinda nalo.)

Maoni ya mkaguzi yako mwanzoni, na tuliozoea ripoti za CAG tunayaelewa haraka: kuna hati safi, na kuna hati yenye shaka. Wengi wakiona hati safi hufunga faili. Kosa liko hapo, kwa sababu hati safi inaweza kutoka huku majedwali ya nyuma yana dosari. Mkaguzi huamua tu kwamba dosari hizo hazikufikia kuangusha kigezo kizima. Hajui wewe utautumiaje mfumo. Nenda nyuma kwenye majedwali ya vipimo, pita kila mahali palipoandikwa "No exceptions noted", yaani hakuna dosari iliyoonekana, usimame pale ambapo maneno hayo hayapo.

Chukua mfano. Ripoti inahusu Julai 2023 hadi Juni 2024. Mkaguzi alichukua sampuli ya wafanyakazi 25 walioacha kazi, akakuta wanne akaunti zao zilifungwa nje ya muda uliowekwa, mmoja ikiwa wazi siku 41. Chini yake uongozi umejibu kwamba wahusika wamekumbushwa utaratibu. Ukumbusho si dawa. Waandikie uulize mambo matatu: je, akaunti hizo nne zilikuwa na uwezo wa kufika kwenye taarifa za wateja? Je, kuna rekodi inayoonyesha kwamba hakuna aliyeingia nazo baada ya kuondoka? Na nini kimebadilika kwenye utaratibu wenyewe, kwa mfano mfumo wa rasilimali watu kufunga akaunti bila kusubiri mtu? Kampuni makini itakujibu kwa ushahidi. Ikikujibu kwa kurudia kwamba ripoti ni safi, umeshajua unashughulika na nani.

Ukimaliza hapo, tafuta kwenye PDF maneno "Complementary User Entity Controls". Hii ndiyo sehemu ninayoiona ya thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa sana. Ni orodha ya kazi ambazo kampuni, ilipopanga udhibiti wake, ilidhania mteja anazifanya, na mteja ni wewe. Utakuta: mteja awaondoe watumiaji wake wanaoacha kazi, apitie haki zao mara kwa mara, awashe uthibitisho wa hatua mbili. Usipozifanya, hitimisho la mkaguzi halikufuniki. Kwetu linaumiza zaidi msimu wa korosho, maana Oktoba tunaongeza vijana wa muda wa kuingiza miamala, na msimu ukiisha wanaondoka. Chukua orodha ya waliomaliza mkataba kutoka utumishi, iweke kando ya orodha ya watumiaji hai kwenye mfumo, linganisha jina kwa jina. Ni kazi ya asubuhi moja, na kila kipengele cha orodha ile kinahitaji jina la mtu wa ofisini kwenu atakayewajibika nacho.

Kuna jambo la walio chini yao. Kampuni nyingi zinazouza mifumo hazina mitambo. Zinakodi kwa wakubwa kama AWS au Microsoft. Ripoti itasema kama mkodishaji huyo amekaguliwa pamoja nao au ameachwa nje. Mara nyingi ameachwa nje, na hapo ulinzi wa majengo na seva haujapimwa kabisa katika ripoti uliyonayo. Unahitaji ripoti ya mkodishaji nayo. AWS huziweka kwenye AWS Artifact, Microsoft kwenye Service Trust Portal. Ukiipata, hakikisha eneo ambako data yenu itakaa limetajwa humo, tuseme Cape Town. Kama data inatoka nje ya Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti yake, na hakuna ripoti ya SOC 2 inayokutimizia hayo.

Mwisho, tarehe. Ripoti iliyoishia Juni ikikufikia Januari, kuna miezi zaidi ya sita ambayo hakuna aliyeikagua, na msimu wetu wote umo ndani yake. Watakuletea barua ya kuziba pengo, inayosema hakuna kilichobadilika. Barua hiyo huandikwa na kampuni yenyewe, si na mkaguzi. Kwa pengo la miezi mitatu naikubali. Likizidi hapo, nasubiri ripoti mpya kabla ya kuhamisha data, na kwenye mkataba naweka kifungu kwamba kila mwaka ripoti nzima, siyo muhtasari, itufikie ndani ya siku 30 tangu isainiwe, pamoja na majibu yao kwa kila dosari iliyomo.