Karatasi ya moto nyuma ya mlango wa hoteli: itafsiri ukiwa umesimama mlangoni

Ukipewa kazi ya kutafsiri maelezo ya kujiokoa na moto yanayobandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha hoteli, usiimalizie mezani. Omba kufika kwenye jengo lenyewe, uingie chumbani, ufunge mlango, kisha usome huku ukitembea.

Sababu yake ni kulia na kushoto. Hoteli moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na maneno yaleyale kwa vyumba vyote: toka, geuka kushoto. Lakini vyumba 311 na 312 vinatazamana. Mgeni wa 311 akigeuka kushoto anafika kwenye ngazi, na wa 312 akifanya hivyohivyo anaishia kwenye lifti. Kiswahili fasaha kiasi gani hakiwezi kuliponya kosa hilo. Niliwaomba wachapishe karatasi mbili, na ya 311 ikasomeka hivi:

“Toka, funga mlango nyuma yako. Geuka kushoto. Pita milango mitatu ya upande wako wa kushoto. Ngazi ziko mwisho wa korido.”

Hesabu ya milango ina kazi yake: moshi ukijaa, alama ya kijani haionekani, na mtu anabaki na mkono wake ukutani. Mchoro nao utazame hivyohivyo: kilicho kushoto kwa msomaji aliyeuelekea mlango kiwe kushoto kwenye karatasi.

Sehemu ya pili ya kuangalia kwa makini ni mgeni asiyeweza kutoka. Mwaka 1980, hoteli ya MGM Grand ya Las Vegas iliungua na watu 85 wakafa. Moto ulikuwa sehemu za chini, lakini wengi waliuawa na moshi kwenye ghorofa za juu. Kwa hiyo maelezo haya yasifichwe mwishoni kwa herufi ndogo:

“Kabla ya kufungua, gusa mlango kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, au korido ikiwa na moshi mzito, baki chumbani. Ziba upenyo wa chini kwa taulo zilizoloweshwa. Piga simu mapokezi au Zimamoto, 114, useme namba ya chumba. Simama dirishani uonekane.”

Namba 114 ni ya Tanzania. Kwingine weka ya huko.

“Usitaharuki” mimi huliondoa. Halimwambii mtu afanye nini, na linamtangulizia hofu. Vilevile “Tumia ngazi” itangulie “usitumie lifti”, ili mgeni ajue kwanza pa kwenda. Na pale wanapoandika “mahali pa kukusanyika” peke yake, taja mahali penyewe: maegesho ya magari, mbele ya geti kuu.

Mwisho, mpe karatasi mtu asiyelijua jengo, umwache atoke peke yake hadi getini. Akisita popote, sentensi ya hapo irekebishwe kabla haijachapishwa.