Mabati yakipanda bei, usitoe faida yote dukani

Naandika hesabu za maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Masasi, na kila msimu wa korosho swali ni lilelile. Wakulima wakishalipwa pesa za mnada wanataka mabati, na kila mzigo unaoingia umepanda bei kuliko uliopita. Je, bati ulilouza leo lilikugharimu shilingi ngapi?

Tuchukue mfano. Mwenye duka ameingiza mabati 100 kwa 20,000 kila moja, kisha 100 kwa 22,000, na mwisho 100 kwa 27,000, nauli ya lori ikiwa ndani. (Nauli wengi huiacha nje, na hapo hesabu yote inaharibika.) Mizigo yote imeshafika, ndipo anauza mabati 220 kwa 28,000. Anakusanya 6,160,000.

Akihesabu kwamba cha kwanza kuingia ndicho cha kwanza kutoka, anamaliza mizigo miwili ya mwanzo na kuchukua mabati 20 ya mzigo wa mwisho. Gharama inakuwa 4,740,000, faida 1,420,000. Akihesabu kwa wastani, anagawa 6,900,000 kwa mabati 300 na kila bati linakuwa 23,000. Gharama inafika 5,060,000, faida 1,100,000.

Ile tofauti ya 320,000 haijapotea. Imo kwenye mabati 80 yaliyobaki: njia ya kwanza inayathamini 2,160,000, ya wastani 1,840,000. Yakija kuuzwa, njia ya kwanza itaonyesha faida ndogo zaidi, na mwishowe jumla zitalingana.

Kinachoumiza ni pesa anayotoa kabla ya hapo. Akipeleka nyumbani 1,420,000 yote, anabaki na 4,740,000, na kwa bei ya 27,000 hiyo inanunua mabati 175. Kauza 220! Kwa wastani angerudisha 187, bado pungufu. Kurudisha yote 220 kunahitaji 5,940,000, kwa hiyo pesa anayoweza kutoa bila kupunguza stoo ni 220,000 tu, kabla hata ya kodi ya pango na mshahara wa kijana wa dukani. Ukiona faida inapanda kwenye daftari huku stoo inazidi kuwa tupu, ujue ndicho kinachoendelea.

Kwa mabati mimi napendelea wastani. Yakishapangwa pamoja hujui lipi la mzigo upi, na faida haiyumbi sana mwezi kwa mwezi. Ila thamani ya stoo inabaki chini ya bei ya sasa, jambo la kumweleza afisa mikopo mapema. Njia zote mbili zinakubalika katika kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2. Kinachokatazwa ni kuanza na mzigo wa mwisho. Ukichagua moja, kaa nayo msimu hadi msimu, la sivyo huwezi kulinganisha faida ya mwaka huu na ya mwaka jana.

Na bei ya kuuzia usiipange kwa ule wastani wa 23,000. Mpigie simu anayekuuzia, muulize mzigo ujao ni shilingi ngapi, ndipo uandike bei.