Ulimuuliza friji?

Juzi nimemsikia kijana wetu akimpigia mteja bei ya sola kwenye simu: "Mama, paneli ya wati 200, betri moja, inveta, umemaliza." Hakuuliza hata kama mama ana friji. Nilitaka kumzaba kibao, halafu nikakumbuka kazi yangu mwenyewe ya Kibaigwa.

1. Bei inaanza na kinachowaka usiku. Yule mzee wa Kibaigwa alikuwa na taa sita za wati 7, TV ya wati 60 na friji ndogo. Taa na TV kwa saa tano ni wati-saa 510, friji usiku kucha kama 350, inveta nayo inakula chake: weka 1,000. Mimi nikachukua betri ya maji ya Ah 100, nikazidisha kwa volti 12, nikapata 1,200. Nikaona inatosha na chenji inabaki! Nilisahau kwamba betri ya maji ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, kwa hiyo kwa kweli nilikuwa na 600. Na paneli ya wati 200, kwa saa tano za jua kali, ukitoa joto, vumbi na upotevu mwingine, inaleta kama 700, wakati nyumba ilihitaji zaidi ya 1,200 kwa siku. Betri haikuwahi kujaa hata siku moja.

Wiki ya pili mzee akapiga simu saa tisa usiku: "Fundi, kitu chako kinalia kama kifaranga." Nikamjibu inveta inajilinda, alale. Inajilinda! Ilikuwa inakata kwenye volti 10.5, na hapo betri ya volti 12 imeshakaushwa. Mwezi wa saba tangu niifunge nikaenda kupima: asubuhi inasoma 12.6, ukiwasha TV inaporomoka chini ya 11. Imekufa. Mzee hakugomba, alinimiminia chai tu, akauliza, "Hii nyingine utaniletea lini?" Betri ya Ah 200 na paneli ya pili zilitoka mfukoni mwangu.

Mteja akilalamika kuwa lithiamu ni ghali, usilinganishe Ah kwa Ah. Lithiamu ya Ah 100 unaitumia hadi asilimia 80 bila wasiwasi, kwa hiyo mpinzani wake ni betri ya maji ya Ah 160.

2. Inveta: soma wati za kudumu, achana na zile za kilele zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na kama kuna friji nunua ya wimbi safi, tena yenye nafasi ya kutosha, maana kompresa ikianza huvuta mara kadhaa ya wati zake.

3. Ufundi: waya wa betri kwenda inveta uwe mnene na mfupi, na uandike kwenye bei pamoja na fyuzi, breka na vyuma vya paani. Andikeni na nauli, wadogo zangu. Kibaigwa nilikwenda mara nne, na nilikuwa nimetoza siku moja.