Swali la lugha: "Akilala saa nane" na "usingizi wa ndoto"

Swali: Mwalimu wetu wa Kiswahili amenipa dakika tatu nizungumze mbele ya darasa kuhusu hatua za usingizi na jinsi usingizi unavyosaidia kumbukumbu. Nimeanza hivi: "Mtu akilala saa nane, ubongo wake unahifadhi masomo katika usingizi wa ndoto." Rafiki zangu wawili wameielewa tofauti, na mmoja anasema "usingizi wa ndoto" ni makosa. Nirekebishe wapi?

Jibu: Naanza na "akilala saa nane". Rafiki mmoja amesikia mtu aliyeingia kitandani saa nane usiku, mwingine amesikia mtu aliyelala tangu saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wote wamesikia sawa. Neno saa kwetu hutaja wakati na pia muda, na kitenzi kulala kinakubali yote mawili. Wengi mtaani hukwepa utata huo kwa kusema "masaa nane", na huwa wanaeleweka papo hapo, lakini kwa Kiswahili sanifu saa haichukui ma-, na mwalimu wako atakusahihisha. Andika "akilala kwa muda wa saa nane", basi.

Kulala chenyewe nacho kina maana pana kuliko unavyohitaji. Husema mtu, "Nimelala tangu saa tatu lakini usingizi sikuupata," na hakuna anayemwona amejipinga. Kulala ni kujinyoosha kitandani na pia ni kupotelewa na fahamu. Unapoeleza kinachotokea ubongoni, tumia "kupata usingizi" au "kupitiwa na usingizi", ili msikilizaji ajue saa unayohesabu imeanzia wapi.

Kwa hatua zenyewe, lugha yetu ina utajiri ambao vitabu vya sayansi havijautumia vya kutosha. Hatua ya kwanza, ile ya dakika chache ambapo ukimgusa mtu atakana kwamba alikuwa amelala, ina jina tayari: usingizi wa mang'amung'amu. Hatua ya tatu ni usingizi mzito, na ndiyo ya mtu aliyelala fofofo. Pwani tunasema amelala usingizi wa pono, yule samaki wa miambani ambaye usiku hashtuki upesi. Hatua ya pili, iliyo katikati, haina jina la kimapokeo ninalolijua, nami ningeiita tu usingizi mwepesi. Usiipuuze kwa sababu haina jina: kwa mtu mzima huchukua karibu nusu ya usiku.

Sasa "usingizi wa ndoto". Umekusudia ile hatua ya nne, ambapo mboni hukimbia huku na huku chini ya kope zilizofungwa. Rafiki yako ana hoja, maana watu walioamshwa katika hatua nyingine pia husimulia ndoto, ingawa zile za hatua hii huwa ndefu na zenye vituko zaidi. Jina linalotaja ndoto linampa msikilizaji habari isiyo kamili. Mimi huandika "usingizi wa macho kwenda mbio". Ni refu, lakini linataja kitu ambacho ukimtazama mdogo wako alfajiri unakiona kwa macho yako.

Kosa zito kuliko yote limo kwenye "unahifadhi". Mtoto wa madrasa anayerudia aya hadi ziingie kichwani anahifadhi Kurani, na kazi hiyo anaifanya yu macho. Ukisema ubongo unahifadhi masomo usingizini, nusu ya darasa itaelewa kwamba mtu anaweza kulala na kitabu chini ya mto akaamka anakijua. Usingizi hufanyia kazi kile kilichokwisha kuingia mchana. Kitenzi kinachofaa ni kuimarisha, au bora zaidi kuimarika: "kumbukumbu huimarika usingizini". Ukilazimika kuwa na nomino, "uimarishaji wa kumbukumbu" inatosha. Zingatia pia hu-. "Unaimarisha" inaweza kuwa jambo la sasa hivi, lakini "huimarisha" ni jambo la kawaida la kila usiku.

Tena umeiweka kazi hiyo mahali pasipo pake. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani waliwafundisha watu kukumbuka mahali zilipo jozi za kadi, huku wakiwanusisha harufu ya waridi. Usiku waliwanusisha tena harufu ileile. Ilipowafikia katika usingizi mzito, asubuhi walikumbuka vizuri zaidi. Ilipowafikia katika usingizi wa macho kwenda mbio, haikuleta faida hiyo. Kwa hiyo, kwa kumbukumbu ya mambo kama yale ya somo la historia, usingizi mzito ndio wa kutajwa kwanza.

Nimekuandikia matini ya kusoma. Kila palipo na aya mpya, vuta pumzi.

"Mwalimu wangu na wanafunzi wenzangu, hamjambo. Jana usiku kila mmoja wetu alipitia hatua nne za usingizi, tena zaidi ya mara moja.

Kwanza huja usingizi wa mang'amung'amu, kisha usingizi mwepesi, kisha usingizi mzito. Baadaye ubongo hurudi kwenye usingizi mwepesi, na ndipo macho huanza kwenda mbio. Mzunguko mmoja huchukua takribani dakika 90, na kwa usiku mmoja hujirudia mara nne au tano. Usingizi mzito hujaa zaidi mwanzoni mwa usiku, na usingizi wa macho kwenda mbio hurefuka kuelekea asubuhi.

Tunapojifunza jambo jipya, hushikwa kwanza na sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi. Katika usingizi mzito, chembe za sehemu hiyo hurudia mwendo uleule wa mchana. Mwaka 1994 jambo hili lilionekana kwa panya: chembe zilizowaka pamoja walipokuwa wakitembea ziliwaka pamoja tena walipolala. Inaaminika kuwa kwa kurudia hivyo, kumbukumbu husambazwa hadi kwenye gamba la ubongo na kuimarika huko.

Kijana wa umri wetu anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Anayekesha akisoma hadi alfajiri ameingiza mengi, lakini ameunyima ubongo muda wa kuyaimarisha. Asanteni."

Jiandae pia kwa swali moja, maana darasani halikosekani: "Na jinamizi je?" Neno hili watu hulitumia kwa ndoto ya kutisha, na pia kwa ile hali ya kuamka ukashindwa kusogeza hata kidole, kana kwamba kuna kitu kimekukalia kifuani. Muulize muulizaji anakusudia lipi. Kama ni la pili, jibu limo kwenye hatua ya nne: macho yanapokwenda mbio, misuli mingi ya mwili hulegea kabisa, na mara nyingine fahamu hurudi kabla ulegevu huo haujaisha. Hudumu kwa sekunde kadhaa hadi dakika chache, kisha huondoka wenyewe.