Kabla ya Kukata Picha, Jua Itachapwa kwenye Karatasi Gani

Picha ninayoitolea mfano niliipiga Mji wa Kale, Mombasa. Mzee wa kanzu na kofia, aliyeniruhusu kumpiga, ameketi barazani mbele ya mlango wa nakshi akitazama kushoto. Kulia limejitokeza gurudumu la bodaboda, na juu zinapita nyaya za stima. Kamera ni ya megapikseli 24, yaani pikseli 6000 kwa 4000. Mteja aliitaka kwa ukubwa wa A3, aitundike sebuleni.

Gurudumu lilikuwa lazima liondoke. Ni jeusi, limekatika na liko ukingoni, kwa hiyo jicho linaliendea kabla ya kuufikia uso. Nikaliondoa pamoja na nyaya, ila kushoto nikaacha nafasi, maana ukibana upande anaotazama mtu, macho yake yanagonga ukingo wa fremu. Zikabaki pikseli 4500 kwa 3180. Upande mrefu wa A3 ni inchi 16.5, gawanya, unapata kama pikseli 273 kwa kila inchi. Hiyo inachapwa vizuri kabisa.

Kisha mteja akaniambia, "Kaka, mimi nataka uso na nakshi tu."

Kweli, kwa mpangilio ilipendeza zaidi: mikunjo ya uso na michongo ya mbao zikawa zinazungumza. Lakini zilibaki pikseli 2400 kwa 1700. Kwenye simu huoni tofauti, kwa kuwa kioo chake ni kidogo. Kwenye A3 ni pikseli 145 tu kwa inchi: ndevu zinakuwa ukungu, na chengachenga za kwenye kivuli cha mlango zinakua pamoja na kila kitu kingine, hata mtikisiko mdogo wa mkono.

Picha ya kushikwa mkononi naipa pikseli 300 kwa inchi, na 200 bado ni nzuri. Kwa bango la kutazamwa kutoka mbali, 150 zinatosha. Picha hii hata ikitundikwa ukutani, nakshi zitamvuta mgeni aisogelee, ndiyo maana sikukubali 145. Tuliichapa A4, ambayo ilitupa kama 205, tukaizungushia kadi nyeupe pana ndani ya fremu ya A3. Ukuta wake ukajaa vilevile.

Usidanganywe na kisanduku cha resolution. Katika Photoshop fungua Image Size, ondoa alama kwenye Resample, andika 300, kisha soma upana unaobaki. Kwa pikseli 2400 utaona inchi 8. Ukiiacha alama hiyo, programu inaongeza pikseli za kukisia, na ndevu ambazo kamera haikuzinasa hazirudi.

Faili la kuchapwa litume WhatsApp kama dokumenti. Likitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na hesabu yote hii inaharibikia njiani.